Godauni Huanza Kukodishwa Getini

Mfanyabiashara wa vigae alifika na dereva wake, na dereva ndiye aliyeshuka kwanza. Hakuliangalia godauni. Alisimama katikati ya barabara, akatazama upande wa pili kwenye mtaro na nguzo ya umeme, kisha akatembea kwa hatua ndefu kutoka mtaroni hadi kwenye nguzo ya geti letu, midomo ikimchezacheza kwa kuhesabu. Akainua macho kwenye boriti iliyopita juu ya geti. Ndipo akamrudia bosi wake.

"Mama, kontena litafika hapa. Kuingia ndani, sijui."

Mwenye godauni, mzee mmoja mpole ambaye mimi humsaidia kutafuta wapangaji, alikuwa ameshainua mlango wa shata na kuwasha taa zote. Sakafu ilikuwa imefagiwa mpaka inang'aa. Tangazo lililomleta mama yule lilikuwa kama matangazo yote ya magodauni madogo: mita za mraba 432, eneo salama, umeme upo, sakafu imara, linafikika kwa urahisi. Aliingia, akapiga zege kwa kisigino, akauliza swali moja.

"Nikipanga paleti mbili, moja juu ya nyingine, itabeba?"

"Hii sakafu ni imara, mama. Haina shida," mzee akajibu.

Mama akashukuru kwa adabu, akaondoka.

Swali lile lilinikaa kichwani kwa wiki kadhaa, kwa sababu jibu la mzee lilikuwa la kweli na halikumsaidia mtu. Sakafu ilikuwa imara. Imara kwa ajili ya nini?

## Dereva alikuwa anapima nini

Tunapotangaza godauni tunaanza na ukubwa wa ndani. Mfanyabiashara anaanza nje. Yeye anafuata safari ya mzigo wake: kutoka barabarani, kupita getini, kushushwa, kupangwa, kisha kutoka tena kidogo kidogo kwa magari ya wateja. Safari hiyo ikikwama sehemu moja, mita zote zilizobaki hazina kazi.

Geti letu lina upana wa mita 3.6. Lori lina upana wa mita 2.5, ukiacha vioo vya pembeni. Kwa hesabu ya karatasi, linapita na nafasi inabaki.

Ila trela haliji limenyooka. Linapokata kona, magurudumu ya nyuma hayapiti pale yalipopita ya mbele. Yanavutwa kuelekea ndani ya kona. Trela la kawaida lenye urefu wa mita 16 na nusu, likizunguka kwenye duara ambalo ukingo wake wa nje una nusu kipenyo cha mita 12.5, linafagia ukanda wenye upana wa takriban mita 7. Ndiyo maana geti la mita 3.6 lililo kwenye barabara pana ni kubwa kuliko geti hilohilo likiwa kwenye barabara nyembamba. Dereva yule hakuwa anapima geti letu. Alikuwa anapima barabara iliyo mbele yake, mpaka kwenye mtaro na ile nguzo ya umeme isiyosogezeka.

Urefu wa kwenda juu nao una hila zake. Kontena la kawaida lina kimo cha mita 2.59, na lile refu lina mita 2.90. Likiwekwa juu ya chesisi, ambayo hubadilika kutoka kama mita 1.2 hadi 1.5, kilele cha kontena refu kinaweza kufika mita 4.4. Boriti ya geti letu ilikuwa mita 4.2. Kontena la kawaida lingepita. Refu lingegonga, au lingepita kwa baadhi ya magari na kugonga kwa mengine. Na kuna jambo ambalo madereva wanalijua, wenye majengo wengi hawalijui: gari lililoshusha mzigo huinuka, kwa sababu springi zimepumua. Lori linaweza kuingia chini ya paa la kupakulia likiwa limejaa, kisha likalikwangua paa hilohilo wakati wa kutoka tupu.

Nilimuuliza mzee boriti ile ilikuwa inashikilia nini.

"Kibao cha jina," akasema.

Ikakatwa.

## Trela tupu

Kuhusu upana, sikutaka kubahatisha, na sikutaka kuandika "magari yote yanaingia" kwa kuwa nilishaona jinsi dereva alivyoinamisha kichwa. Tukakodi trela fupi lenye kontena tupu la futi 20, asubuhi kabla barabara haijachangamka, tukamwomba dereva aingie kama anavyoingia kazini.

Aliingia kwa kurudi nyuma, msaidizi wake akimwongoza kwa ishara, mbele na nyuma mara kadhaa, mabawa yote mawili ya geti yakiwa yamelazwa ukutani. Kwa muda huo barabara ilifungwa. Hatimaye milango ya kontena ikawa inatazamana na mlango wa godauni, na pua ya gari ikawa ndani ya geti. Uwanja una kina cha mita 14, kwa hiyo gari la mita 12 linakaa vizuri. Trela la futi 40 lingekaa na kichwa chake barabarani.

Sasa tulikuwa na sentensi ya kuandika. Kontena la futi 20 linaingia kinyumenyume. La futi 40 haliwezi kushushwa likiwa ndani. Lori la tani 7 linaingia mbele, linageuka uwanjani, linatoka mbele.

Kwa mfanyabiashara wa vigae, sentensi ya kwanza ndiyo inayomhusu zaidi. Vigae ni vizito, kwa hiyo kontena hufikia kikomo cha uzito kabla halijajaa. Kontena la futi 20 lina uzito wa juu unaoruhusiwa wa kilo 30,480 pamoja na bati lake, na hapo mzigo wenyewe ni kama tani 27 au 28. Hana sababu ya kukodi la futi 40 akabeba hewa. Mwenye magodoro hesabu yake ni kinyume: kwake hewa ndiyo mzigo, na godauni letu halimfai.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba tangazo linaweza kuchagua mtu.

Kitu kingine tulichokiona siku ile ni kimo cha sakafu. Godauni letu halina jukwaa la kupakulia. Sakafu yake iko usawa wa uwanja. Sakafu ya kontena lililo juu ya chesisi iko mita moja na robo au zaidi juu ya ardhi. Forklifti haiwezi kuruka kuingia humo. Lazima mtu aingie na troli ya paleti, avute paleti hadi ukingoni, na forklifti iipokee ikiwa chini; au kuwe na rampu ya chuma ya kuegesha. Kwa mwenye makontena kila wiki, hii ni kero ya kweli. Kwa anayepokea mara moja kwa mwezi na kutoa bidhaa kila siku kwa magari madogo, sakafu iliyo usawa wa uwanja ni neema, maana gari dogo linaingia mpaka kwenye rundo.

## Uwanja nao ni sakafu

Dereva wa trela tupu alitufanyia hisani moja ambayo hatukumwomba. Kabla ya kurudi nyuma alishuka, akauliza, "Chini hapa kuna nini?"

Kulikuwa na shimo la maji machafu, upande wa kushoto, limefunikwa kwa jamvi jembamba la zege. Watu walikuwa wakitembea juu yake na magari madogo yakiegeshwa hapo kwa miaka mingi. Kontena tupu lisingelivunja, labda. Lililojaa vigae, huku kila ekseli ikibeba tani nyingi, ni habari nyingine kabisa.

Tuliweka nguzo nne za chuma kuzunguka shimo lile na kuzipaka rangi ya njano. Kazi ndogo. Lakini ikanifunza kwamba unapopiga picha za uwanja kwa ajili ya tangazo, mfanyabiashara makini anatazama mifuniko. Matangi ya maji yaliyofukiwa, mashimo, mitaro iliyofunikwa: vyote vionekane pichani, na ionekane vimezungushiwa nini.

## Swali la kisigino

Sasa turudi kwa paleti mbili.

Watu wanafikiri sakafu ya godauni hupasuka kwa sababu ya rundo kubwa. Kwa zege lililolala moja kwa moja juu ya ardhi, rundo lililotandaa vizuri mara nyingi si adui mkuu. Uzito wake unashuka kupitia zege hadi kwenye udongo, na kama udongo ulishindiliwa sawasawa, unapokea. Kinachotesa zege ni uzito uliobanwa mahali padogo: gurudumu la forklifti, mguu wa rafu, kona ya paleti iliyowekwa karibu na kiungio.

Chukua forklifti ya kuinua tani 2.5. Yenyewe ina uzito wa zaidi ya tani 3 na nusu, kwa kuwa inahitaji uzito wa nyuma ili isipinduke. Ikiinua mzigo wake wote, jumla inapita tani 6, na sehemu kubwa mno ya uzito huo, karibu tisa ya kumi, hukaa kwenye magurudumu mawili ya mbele. Kila gurudumu linakanyaga kwa zaidi ya tani 2 na nusu kwenye eneo dogo mno. Miguu ya rafu ndefu ni hivyohivyo. Rafu yenye ngazi tatu, kila ngazi paleti mbili za tani moja, ni tani 6 kwa kila uwazi mmoja; mguu ulio kati ya uwazi mmoja na mwingine unapokea tani 3, mchana na usiku, bila kusogea.

Ndiyo maana kisigino cha yule mama hakingeweza kumjibu. Wala fagio la mzee.

Kuna mambo ambayo mtu yeyote anaweza kuyaona kabla ya kumwita mtaalamu. Tembea kwenye viungio vya sakafu na utazame kama upande mmoja umeshuka kuliko mwingine. Ukiona hivyo, udongo wa chini umelegea. Gonga kwa nyundo polepole ukisikiliza: mlio wa uwazi maana yake zege limeachana na kilicho chini yake. Tazama kingo za viungio kama zimemomonyoka, kwani magurudumu madogo magumu ya troli ya paleti huzila kuliko matairi makubwa. Nyufa nyembamba kama unywele zilizosambaa juujuu mara nyingi ni za zege lililokauka haraka, na hazina uzito. Ufa ulionyooka, unaofunguka na kushuka upande mmoja, huo uulizie.

Haya yote yanakwambia kama sakafu ni mgonjwa. Hayakwambii inabeba kiasi gani.

Nilimshawishi mzee amlete mhandisi. Alisita kwa sababu ya gharama, nami nilimwelewa. Hakuna mpangaji aliyewahi kumdai cheti. Mhandisi alichimba viini vitatu vya zege, vipande vya mviringo vya kipenyo cha milimita 100, akavipima unene kisha akavipeleka maabara kukandamizwa ili kujua nguvu. Akachimba pia hadi kwenye kifusi kuona kama kilishindiliwa.

Viini viwili vya mbele vilikuwa na unene wa milimita 150, kasoro kidogo. Cha nyuma kilikuwa na milimita 110.

Mzee akakumbuka. Theluthi ya nyuma iliongezwa baadaye, alipopanua jengo, na fundi alikuwa mwingine. Kwa macho ilikuwa sakafu moja, rangi moja, usawa mmoja. Kwa kweli zilikuwa sakafu mbili.

Tofauti ya milimita 40 inasikika ndogo, lakini uwezo wa zege kuhimili kupinda hufuata mraba wa unene wake. Gawanya 110 kwa 150 upate 0.73, zidisha kwa yenyewe upate 0.54. Sehemu ya nyuma, hata kama zege lake ni zuri sawa na la mbele, ina zaidi kidogo tu ya nusu ya uwezo. Baada ya hesabu zake mhandisi akatuandikia: sehemu ya mbele tani 3 kwa mita ya mraba kwa mzigo uliotandaa, na forklifti isiyozidi ya tani 2.5, sehemu ya nyuma tani 1.5, na troli ya paleti tu. Namba hizo ni za sakafu ile na udongo ule. Mwenye godauni la jirani asizinakili.

Sasa swali la paleti mbili likawa rahisi mpaka linachekesha. Boksi moja la vigae vya sentimita 60 lina uzito wa kilo 30 hivi. Paleti yenye maboksi 40 ni kilo 1,200, na inakalia mita 1 kwa 1.2, yaani mita ya mraba 1.2. Hiyo ni tani moja kwa kila mita ya mraba. Ukiweka ya pili juu, tani mbili.

Mbele, ndiyo. Nyuma, hapana, huko aweke moja moja.

Jibu hilo linatoshea kwenye mstari mmoja wa tangazo.

Jambo la unyevu nitalipita haraka, ingawa kwa mwenye saruji, unga au karatasi ni la kwanza. Bandika kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45 sakafuni kwa gundi ya utepe pande zote, ukiache usiku kucha, saa 16 au zaidi. Ukikuta matone chini yake, au zege limekolea rangi, maji yanapanda kutoka ardhini. Letu lilikuwa kavu, tukaliandika hivyo.

## "Umeme upo"

Maneno haya mawili sijui yamepoteza muda wa watu wangapi. Umeme upo hata kwenye kibanda chenye taa moja.

Anayetaka kujua umeme anataka kujua mambo matatu: ni njia moja au njia tatu, kikata umeme kikuu ni cha ampea ngapi, na mita ni yake peke yake au anashirikiana na jirani. Tofauti ni kubwa. Njia moja ya volti 230 na ampea 60 inatoa kilovolti-ampea 13.8 hivi. Njia tatu za volti 400 kwa ampea hizohizo 60 zinatoa kama 41, mara tatu yake:

```
230 x 60 = 13,800
1.73 x 400 x 60 = 41,520
```

Mwenye vigae hajali; anahitaji taa na mahali pa kuchajia forklifti. Mwenye chumba cha baridi anajali sana, na kwake hata 41 inahitaji maelezo. Mota ya kompresa ya kilowati 5.5 kwenye njia tatu hutumia kama ampea 11 ikishatulia, lakini ikiwashwa moja kwa moja bila kifaa cha kuilainishia mwanzo inaweza kuvuta mara sita ya hapo kwa sekunde chache. Tayari umegusa ampea 60 kabla hujawasha taa. Ndiyo maana mtu anaweza kujumlisha vifaa vyake vyote, akaona vinatosha, kisha kila asubuhi umeme ukakatika anapowasha.

Tulipiga picha ya bodi ya umeme mlango ukiwa wazi, namba za kikata umeme zikisomeka. Picha hiyo, niseme ukweli, haina mvuto wowote. Imefuta maswali mengi kuliko picha ya jengo kwa mbele.

## Ulinzi: cha kusema na cha kunyamazia

Kati ya sifa nne, huu ndio unaotangazwa kwa kelele zaidi, na ndio ambao nimeona upunguzwe maneno.

Mambo matatu ya mwanzo ukiyataja kwa undani unamsaidia mpangaji. Ulinzi ukiutaja kwa undani unamsaidia pia mtu mwingine. Kamera ziko wapi, mlinzi anabadilishana zamu saa ngapi, kufuli ni za aina gani, ukuta wa nyuma unapakana na nini: hayo si ya mtandaoni. Kwenye tangazo tunaandika kwamba uzio upo, mlinzi yupo usiku na mchana, kamera zipo na rekodi huhifadhiwa hata umeme ukikatika. Mengine mteja anaonyeshwa akija, baada ya kujulikana ni nani.

Akija, yanayomgusa si yale tunayoyatarajia. Mzee alikuwa akipenda kuonyesha urefu wa ukuta na nyaya zilizo juu yake. Wafanyabiashara waliouliza maswali mazuri waliangalia paa. Bati lililofungwa kwa skrubu kutoka nje linafunguka kwa bisibisi, bila kelele, na ukuta wa mita 3 unakuwa ngazi tu ya kulifikia. Mzee aliweka wavu wa chuma chini ya bati, na huo ndio siku hizi anaanza nao.

Wizi mwingine hauji usiku. Unatoka mlangoni mchana, boksi moja moja, wakati wa kupakia, magari mawili yakiwa yamejipanga na watu wamechanganyika. Kamera inayotazama uwanja mzima kutoka mbali haisaidii kuhesabu maboksi. Inayosaidia ni ile iliyo juu ya mlango wa shata, ikitazama chini, na meza ndogo hapo ya mtunza stoo kuandika kinachotoka. Jambo la mwisho ni funguo. Tulikubaliana na mzee kwamba mpangaji ataweka kufuli yake, na mzee hatabaki na ufunguo wa akiba ila ule wa dharura ya moto, uliofungwa kwenye bahasha yenye saini zao wote wawili.

Hilo halimgharimu mtu kitu, na sijaona tangazo linalolitaja.

## Mabishano

Nilipompelekea mzee rasimu, alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, watu wanatangaza uzuri. Wewe unatangaza kasoro zangu."

Sikuwa na jibu la haraka. Matangazo mengine ya eneo lile yalisema magari yote yanaingia, na anayetafuta kwa haraka ataanza na hao. Niliwaza kama ninamharibia biashara mtu aliyeniamini. Niliwaza pia kama haya ya geti na zege nimeyapenda mimi tu kwa kuwa nimeyajua hivi karibuni.

Kilichonituliza ni kufuata hasara inakoangukia. Tuseme tunaandika kwamba kontena la futi 40 linaingia. Mpangaji analipa, analeta kontena, linakwama getini. Anatafuta magari madogo na watu wa kuhamisha mzigo barabarani, wakati siku za bure za kurudisha kontena zinakwisha na mwenye kontena anaanza kutoza kwa siku. Hasara yote ni ya mpangaji, na aliyemdanganya anamjua kwa sura. Hata asipoondoka mwezi huo, ataondoka mkataba ukiisha, na kabla ya hapo atakuwa ameshawaeleza wenzake sokoni.

Nikamwambia mzee, "Hizi si kasoro, mzee. Ukimwambia mwenye magodoro asije, hujapoteza mpangaji. Hakuwa wako."

"Na mwenye vigae?"

"Huyo tunamwambia mpaka idadi ya paleti."

Akataka jambo moja: mstari wa futi 40 usiwe wa kwanza. Nikakubali. Alikuwa na haki.

## Tangazo lenyewe

Tuliishia hapa, na picha sita: barabara na geti kwa pamoja, uwanja na nguzo za njano, mlango wa shata ukiwa wazi na mtu amesimama kama kipimo, sakafu na mstari unaogawa sehemu mbili, bodi ya umeme, na paa kwa ndani.

> Godauni la kukodi, mita 18 kwa 24. Linafaa bidhaa nzito za kupanga kwa paleti: vigae, rangi, vifaa vya ujenzi, vipuri.
>
> Kuingia: lori la tani 7 linaingia na kugeuka uwanjani. Kontena la futi 20 linaingia kinyumenyume hadi mlangoni. Hakuna kizuizi juu ya geti. Mlango wa shata mita 3.5 kwa 4. Sakafu iko usawa wa uwanja, hakuna jukwaa. Kontena la futi 40 halishushwi ndani.
>
> Sakafu: imepimwa na mhandisi, ripoti ipo. Mbele mita za mraba 288, tani 3 kwa mita ya mraba, forklifti hadi ya tani 2.5. Nyuma mita za mraba 144, tani 1.5, troli ya paleti tu. Kavu.
>
> Umeme: njia tatu, ampea 60, mita ya peke yako.
>
> Ulinzi: uzio, mlinzi usiku na mchana, kamera zenye umeme wa akiba, wavu chini ya paa. Kufuli ni yako. Mengine utaonyeshwa ukifika.

Simu zilipungua. Waliopiga walikuwa na maswali mafupi, na kadhaa walianza kwa kutaja uzito wa paleti zao.

## Namba zikishaandikwa

Kuna upande mmoja ambao hatukuufikiria mpaka mpangaji wa kwanza makini alipouleta mezani. Alikuwa muuza rangi. Alisoma tani 3 na tani 1.5, akauliza, "Nikipanga humo ndani ya kiwango na sakafu ikashuka, nani anatengeneza?"

Tangazo la "sakafu imara" halimfungi mtu. La "tani 3" linamfunga. Kwa hiyo namba zilihamia kwenye mkataba: kikomo cha kila sehemu, aina ya forklifti, na kwamba rafu ndefu hazitafungwa bila mchoro wa miguu yake kupitiwa na mhandisi. Akizidisha, matengenezo ni yake. Akiwa ndani ya kikomo na sakafu ikashindwa, ni ya mzee. Muuza rangi aliongeza mwenyewe kifungu cha vizima moto na umbali kati ya rangi zake na bodi ya umeme, kwa kuwa kampuni yake ya bima ingekuja kukagua.

Siku ya makabidhiano walitembea pamoja sakafuni na chaki, wakizungushia kila ufa uliokuwepo na kuupiga picha pamoja na rula. Mzee alilalamika mgongo. Mstari kati ya sehemu ya mbele na ya nyuma ulipakwa upya, mnene zaidi, kwa sababu atakayeendesha forklifti hajausoma mkataba.